Vinundu vitatu kwenye shingo moja: jinsi ya kusoma ripoti ya altrasaundi ya tezi ya thairoidi

Huku Nyanda za Juu Kusini rovu si jambo geni. Wapo bibi zetu wa Rungwe, Makete na Ludewa waliozeeka nalo, wakilima, wakilea, wakifunga kitambaa shingoni siku za ibada. Chanzo chake kikubwa ni upungufu wa madini joto. Mvua nyingi za milimani zimeosha udongo kwa muda mrefu sana, kinachoota kwenye udongo huo hukosa madini hayo, na tezi ya thairoidi hujitanua ikijaribu kutengeneza homoni kwa malighafi kidogo. Chumvi yenye madini joto ilipoanza kusimamiwa kisheria nchini miaka ya 1990, watoto waliozaliwa baadaye walipata nafuu. Shingo za waliozaliwa kabla zilikwisha kubadilika.

Tezi iliyojitanua miaka 30 haibaki laini na sawasawa. Sehemu moja hukua kuliko nyingine, nyingine huvuja damu ndani, nyingine hujaa maji, nyingine hufa na kuacha chokaa. Kwa hiyo mama wa miaka 50 akilala kwenye kitanda changu cha altrasaundi hapa Mbeya, mara nyingi sioni kinundu kimoja. Naona vitatu, vinne, wakati mwingine saba. Vingi ni vya rovu la kawaida. Kazi yangu ni kutafuta kama miongoni mwao kimejificha kimoja cha aina nyingine, yaani cha saratani, na kazi ya ripoti ni kumwelekeza daktari kwenye hicho kimoja.

Anayeibeba ripoti hiyo ni mgonjwa, ndani ya bahasha ya khaki, akiwa kwenye daladala au basi la kurudi Tukuyu, na maneno yake hayaelewi. Anasoma `solid`, anasoma `calcified`, moyo unampasuka. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa mwanawe anayemsomea.

Nitatumia ripoti moja ya mfano. Nimeiandika mwenyewe, lakini inafanana na nyingi ninazoziona. Mwenye nayo tumchukulie kuwa mama wa miaka 52, mkulima wa viazi, mwenye uvimbe unaoonekana upande wa kulia wa shingo tangu alipozaa mtoto wa pili.

```
RT LOBE: 3.6 x 2.9 x 2.4 cm, spongiform, smooth margin, no calcification
ISTHMUS: 2.1 x 1.8 x 1.3 cm, mixed cystic and solid, isoechoic, smooth margin, coarse calcification
LT LOBE: 1.3 x 1.2 x 0.9 cm, solid, hypoechoic, smooth margin, punctate echogenic foci
```

Mstari wa kwanza ni kinundu cha upande wa kulia, ule uvimbe ambao kila mtu anauona. Wa pili ni cha katikati, kwenye kile kidaraja chembamba kinachounganisha pande mbili za tezi. Wa tatu ni cha upande wa kushoto, kidogo kama punje ya harage, na mama mwenyewe hakujua kipo.

Hatua ya kwanza: soma kila kinundu peke yake

Kosa la kwanza la wasomaji wengi ni kuyachanganya maneno ya vinundu vyote yakawa kapu moja. Mtu anaona `solid` kwenye mstari wa tatu na `calcification` kwenye mstari wa pili, anaunganisha, anasema ana uvimbe mgumu wenye chokaa. Hana. Kila mstari una hesabu yake, na hatari haihami kutoka kinundu kimoja kwenda kingine.

Chukua karatasi, andika vinundu vyako kimoja kimoja pamoja na vipimo vyake vitatu: urefu, upana na kina. Ripoti iliyoandika tu kwamba kuna vinundu vingi pande zote mbili, bila vipimo wala sifa za kila kimoja, haitoshi kufanyia uamuzi wowote. Rudi kwa aliyekupima, uombe kwa heshima iandikwe upya kwa ukamilifu, au upimwe tena kwingine.

Maneno ya kila mstari yanajibu maswali matano: ndani ya kinundu kuna nini, kina rangi gani kwenye skrini, umbo lake likoje, ukingo wake ukoje, na kina vitone vyeupe vya aina gani. Kila jibu lina pointi. Mfumo wa pointi ninaoutumia hapa ni ule uliotolewa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 2017, unaoandikwa kwenye ripoti kama `TI-RADS`. Ipo mifumo mingine, ila mantiki yake inakaribiana, na huu ndio rahisi kuuhesabu kwa kalamu.

Hatua ya pili: ndani kuna nyama au maji

`Cystic` ni maji. `Solid` ni nyama tupu. Wengi husikia neno hili la pili wakadhani linamaanisha kigumu kama jiwe kikiguswa. Halihusu kuguswa hata kidogo. Linasema tu kwamba kinundu kimejaa chembe hai na si kimiminika. Ini lako ni nyama tupu, na tezi yenyewe pia.

Hata hivyo neno hilo lina uzito, kwa sababu saratani ni chembe zinazozaliana, na mahali palipojaa maji hapana cha kuzaliana. Kinundu cha maji matupu kinapata pointi 0. Chenye mchanganyiko wa maji na nyama kinapata 1. Cha nyama tupu, au karibu yote nyama, kinapata 2.

Kuna aina ya nne, nayo ni `spongiform`, yaani kama sponji. Zaidi ya nusu ya kinundu ni vishimo vidogo vidogo vya maji vilivyosongamana, mfano wa chapati ya maji iliyoiva ikatoboka toboka. Hii ni sura ya rovu la kawaida, nayo hupewa 0. Hapo hesabu inaishia, huongezi pointi nyingine juu yake. Kinundu kikubwa cha yule mama, cha sentimita 3.6, kilichomtisha kwa miaka 20, kimeshamaliza safari yake hapa. Jumla yake ni 0.

Hatua ya tatu: rangi kwenye skrini

Altrasaundi ni sauti. Proba, yaani kile kifaa tunachokisogeza juu ya ngozi, inapeleka sauti ndani ya shingo, na mahali sauti inapogonga mpaka kati ya kitu na kitu, sehemu yake inarudi kama mwangwi. Mwangwi mwingi huonekana mweupe, mwangwi mdogo huonekana mweusi. Tezi yenye afya imejengwa kwa vifuko vidogo sana vilivyojaa ute, na kila ukuta wa kifuko ni mpaka. Kwa sababu hiyo tezi hurudisha mwangwi mwingi na kuonekana ya kijivu cheupe.

Sasa fikiria sehemu ambayo chembe zimebanana, vifuko vimepungua na ute umetoweka. Mipaka imepungua, mwangwi umepungua, na sehemu hiyo inaonekana nyeusi kuliko tezi inayoizunguka. Hiyo ndiyo `hypoechoic`. Saratani ya thairoidi iliyo ya kawaida kuliko zote, ile inayoitwa papilari, hufanya hivi mara nyingi, na ndiyo maana neno hilo lina pointi 2. Likiongezwa neno `very` au `markedly` mbele yake, kinundu ni cheusi kuliko hata misuli ya shingo iliyo mbele ya tezi, na hapo ni pointi 3. `Isoechoic` maana yake kinundu kina rangi ileile ya tezi, `hyperechoic` ni cheupe kuliko tezi, na yote mawili ni pointi 1. `Anechoic` ni weusi wa maji, pointi 0.

Lakini tezi yenye uvimbe wa ndani wa muda mrefu, au kinundu kilichovuja damu kikapona na kovu, navyo huwa vyeusi. Ninaona vinundu vyeusi visivyo na saratani kila wiki. Neno hili peke yake halitoshi kumnyima mtu usingizi. Linakuwa zito linaposimama pamoja na mengine.

Jambo moja la kiufundi linafaa kujulikana hapa. Mashine ina kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga wa picha. Mpimaji akiacha picha imefifia, kila kitu kinaonekana cheusi, na kinundu cha kawaida kinapata jina baya. Ndiyo maana tunalinganisha kinundu na tezi iliyo pembeni yake na misuli iliyo juu yake ndani ya picha ileile, hatulinganishi na kumbukumbu ya picha ya jana.

Hatua ya nne: umbo na ukingo

Kwenye picha iliyokata shingo kwa upana, angalia kama kinundu kimelala au kimesimama. Vinundu vya rovu hukua vikifuata nafasi iliyopo, hulala kama yai kwenye kiota. Kinundu kilichosimama, yaani kina chake kimezidi upana, kinaandikwa `taller-than-wide`. Kimekua kikivuka mpangilio wa tezi badala ya kuufuata, na kinapata pointi 3 kwa mkupuo. Cha mama yetu wa mfano upande wa kushoto kina upana wa 1.2 na kina cha 0.9, kwa hiyo kimelala, na pointi ni 0.

Ukingo laini ni 0. Ukingo usioonekana vizuri, `ill-defined`, nao ni 0, ingawa watu huuogopa. Ukingo wenye mikunjo au meno, `lobulated` au `irregular`, ni 2. Na ripoti ikisema kinundu kimevuka ngozi ya tezi na kuingia kwenye misuli, ni 3, na hapo usingoje hesabu iishe, nenda kwa daktari wa upasuaji.

Hatua ya tano: chokaa, na kwa nini neno moja halitoshi

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Neno `calcified` linamaanisha kuna chokaa, basi. Halisemi chokaa gani, na tofauti ya chokaa na chokaa ni kubwa sana.

Chokaa ya kwanza ni ya uzee wa rovu. Sehemu ya kinundu ilikosa damu, ikafa, mwili ukaijaza chokaa kama unavyofanya kwenye kovu la zamani. Kwenye skrini inaonekana kama kipande cheupe kikavu, cha milimita kadhaa, na nyuma yake kunashuka kivuli cheusi kwa sababu sauti imeshindwa kupenya. Kwenye ripoti inaitwa `coarse calcification` au `macrocalcification`. Ina pointi 1 tu. Ukiwa na rovu la miaka 20, kuikuta ni jambo la kawaida.

Ya pili huzunguka kinundu kama ganda la yai, `rim calcification` au `peripheral calcification`, na ina pointi 2. Ganda zima lisilo na ufa linatia wasiwasi kidogo kuliko ganda lililovunjika mahali na nyama ikachungulia nje. Kama mpimaji ameona ufa huo, anapaswa kuuandika.

Ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Ni vitone vyeupe vidogo sana, chini ya milimita 1, vimetawanyika ndani ya nyama nyeusi kama punje za chumvi zilizomwagika kwenye sufuria iliyoungua. Havina kivuli nyuma yake, kwa sababu ni vidogo mno kuzuia sauti. Ndivyo ripoti inavyoviita `punctate echogenic foci`, au kwa jina la zamani `microcalcifications`. Mara nyingi ni madonge madogo ya chokaa yanayojitengeneza ndani ya saratani ya papilari pale ncha za vijishina vyake zinapokufa. Vina pointi 3.

Kuna kitone cha nne ambacho si chokaa kabisa, na ndicho kinachotuchanganya wapimaji. Ute wa tezi ukikauka hutengeneza fuwele, na fuwele hiyo ikipigwa na sauti hulia kama kengele, mwangwi unarudi tena na tena. Kwenye skrini unaona kitone cheupe chenye mkia unaoshuka na kupungua, mfano wa kimondo. Kikiwa kikubwa na mkia wake ukiwa wazi, ndani ya maji, ni dalili njema, pointi 0. Ripoti itasema `comet-tail`.

Mkononi inakuwa hivi: ninaposimamisha proba upande wa kushoto wa shingo ya mama wa namna hii, kwanza naona doa jeusi tu. Napunguza kina cha picha, nalileta doa likae katikati ya skrini, naisogeza proba polepole, milimita kwa milimita. Vitone vinaanza kuwaka na kuzimika, viwili, vitano, tena vitatu. Nasimamisha picha. Natafuta mkia, sioni. Natafuta kivuli, sioni. Hapo ndipo ninapoandika yale maneno matatu, na ninajua nimeyaandika kwa sababu.

Hatua ya sita: jumlisha, kisha angalia ukubwa

Tufanye hesabu ya vinundu vyetu vitatu.

Cha kulia kina sura ya sponji, jumla 0, kundi la `TR1`. Cha katikati kina maji na nyama (1), rangi ya tezi (1), kimelala (0), ukingo laini (0) na chokaa kubwa (1). Jumla ni 3, kundi la `TR3`. Cha kushoto ni nyama tupu (2), cheusi (2), kimelala (0), ukingo laini (0) na vitone vidogo (3). Jumla ni 7, kundi la `TR5`.

Pointi 2 ni `TR2`, pointi 3 ni `TR3`, 4 hadi 6 ni `TR4`, na 7 kwenda juu ni `TR5`. Katika makundi mawili ya mwanzo, kati ya vinundu 100 saratani hukutwa kwenye visivyozidi 2. `TR3` ni kama 5 kati ya 100. `TR4` ni kati ya 5 na 20. `TR5` ni 20 kwenda juu. Ona basi kwamba kinundu cha nyama tupu, cheusi, kisicho na jambo lingine, kina pointi 4, na vingi vya namna hiyo si saratani. Na hata kwenye kundi la mwisho, ripoti haijasema una saratani. Imesema ipo sababu ya kuingiza sindano inayonyonya chembe za kinundu zikapimwe maabara.

Kundi peke yake halitoshi, linasomwa pamoja na kipimo kirefu kuliko vyote cha kinundu. Kwa `TR5`, sindano inaingia kuanzia sentimita 1. Kwa `TR4`, kuanzia 1.5. Kwa `TR3`, kuanzia 2.5. Chini ya hapo, `TR5` ya kuanzia nusu sentimita, `TR4` ya kuanzia 1 na `TR3` ya kuanzia 1.5 hufuatiliwa kwa altrasaundi. `TR1` na `TR2` haviguswi kwa ajili ya kutafuta saratani, hata vikiwa vikubwa. Vikibana koo au njia ya hewa, hilo ni suala la upasuaji na halihusiani na pointi.

Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 3.6 unaachwa. Chenye chokaa kinasubiri na kufuatiliwa. Kile kidogo cha 1.3, ambacho hakuna mkono ulioweza kukigusa, ndicho kinachochomwa sindano.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kumpima mama aliyekuja na jibu la maabara la miaka miwili nyuma lililosema hana saratani. Alikuwa amechomwa kwa kupapasa tu, bila altrasaundi, na mkono wa mchomaji ulikwenda palipovimba. Jibu lilikuwa la kweli kabisa, kwa uvimbe ule. Kinundu kibaya kilikuwa upande wa pili, na siku nilipomwona tezi za limfu za pembeni ya shingo zilikuwa zimeshavimba.

Hatua ya saba: jua ripoti inapoweza kukosea

Uliza ulipimwa kwa proba ipi. Shingo inapimwa kwa proba bapa ya masafa ya juu, kuanzia megahezi 7 kwenda juu. Vituo vingine vina proba moja tu, ile iliyopinda ya tumbo na mimba, ya megahezi 3.5 hivi. Kwa proba hiyo utaona rovu na utapima ukubwa wake, lakini vitone vya chini ya milimita 1 huwezi kuviona kwa uhakika. Ripoti ya proba ya tumbo ikiandika `no calcification`, ina maana chokaa kubwa haipo, na haizidi hapo.

Angalia pia kama ripoti imetaja tezi za limfu za shingoni. Tezi ya limfu iliyo mviringo kama gololi, iliyopoteza ule mstari mweupe wa katikati, au yenye maji au vitone vya chokaa ndani, inabadilisha kila kitu, hata kama kinundu kwenye thairoidi ni cha milimita 6. Ripoti isiyosema lolote kuhusu tezi za limfu haijakamilika.

La mwisho linatuhusu sana sisi wa milimani. Mahali penye upungufu wa madini joto, sehemu ya saratani za thairoidi zilizo za aina ya folikula huwa kubwa kuliko kwingine. Hii haifanani na papilari. Inaweza kuwa nyama tupu, rangi ya tezi au nyeupe zaidi, imelala, ina ukingo laini, haina kitone hata kimoja. Kwa pointi zetu inapata 3, na inaonekana mpole. Kinachoisaliti ni ukubwa na kukua. Kwa hiyo kinundu cha nyama tupu kilichofikia sentimita 2.5 kisiachwe bila sindano kwa sababu tu ripoti imekiita laini.

Na pointi zote hizi ni za watu wazima. Mtoto mwenye kinundu, mtu aliyewahi kupigwa mionzi shingoni, sauti iliyokauka bila mafua, uvimbe ulioongezeka ndani ya wiki chache kwa mzee aliyekaa na rovu miaka mingi: hao wanakwenda hospitali ya rufaa mara moja, hesabu itafanyika huko.

Hatua ya nane: kabla ya sindano na baada yake

Kwanza daktari apime damu kuona homoni ya `TSH`. Ikiwa chini ya kawaida, huenda kinundu kinatengeneza homoni kwa kujitegemea, na vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa saratani. Njia ya uchunguzi inabadilika kabla hujachomwa.

Sindano yenyewe, inayoandikwa `FNAC` kwenye fomu, ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Inaingizwa mara mbili au tatu huku altrasaundi ikionyesha ncha yake ndani ya kinundu. Mwambie daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kabla hujatoka chumbani, omba uone kilichoandikwa kwenye vioo vilivyopakwa chembe zako na kwenye fomu. Lazima kiseme upande na ukubwa, kwa mfano kushoto, sentimita 1.3. Kioo kisicho na upande hakiwezi kuunganishwa tena na ripoti yako.

Jibu likija kwamba chembe hazikutosha, hilo si jibu, sindano inarudiwa. Likija kwamba ni uvimbe wa folikula, maabara imefika mwisho wa uwezo wake. Saratani ya folikula hutambuliwa kwa kuona chembe zikipasua ganda la kinundu au kuingia kwenye mishipa ya damu, na sindano hainyonyi ganda. Hapo mara nyingi upande huo wa tezi hutolewa ili uchunguzwe mzima. Na likija kwamba hakuna saratani huku altrasaundi ilikuwa `TR5`, mashahidi wawili wanapingana, na altrasaundi pamoja na sindano hurudiwa ndani ya miezi 12.

Kinundu cha katikati cha mama yetu, kile cha `TR3`, kitapimwa tena baada ya mwaka 1, kisha mwaka wa 3 na wa 5. Kukua kunakohesabika ni kuongezeka kwa asilimia 20 katika vipimo viwili au zaidi, na kila kimoja kiwe kimeongezeka angalau milimita 2. Tofauti ya milimita 1 inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu. Kikitoka 2.1 kwa 1.8 kikafika 2.2 kwa 1.9, hakijakua. Kikifika 2.6 kwa 2.2, kimekua kweli, tena kimevuka 2.5, nacho sasa ni cha sindano. Hesabu hiyo haiwezekani kama karatasi ya mwaka wa kwanza imepotea, kwa hiyo bahasha ya khaki ikae pamoja na kadi za kliniki, na kila unapokwenda kupimwa, mkabidhi mpimaji kabla hajapaka jeli.